Risiti ya Kweli Isiyo Yetu: Kukagua Msimbo wa QR Ulioletwa kwa Picha

(Maelezo ya mjumbe wa kamati ya ukaguzi, yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa jumuiya yetu)



Nimeombwa nieleze kwa nini mwaka huu kamati ya ukaguzi ilizikataa risiti ambazo baadhi yenu mlikwisha kuziskani wenyewe kwenye kundi letu la WhatsApp na mkaona zimekubali. Mmoja wenu alinipigia simu akaniuliza, "Mzee, wewe unajua kuliko TRA?" Sijui kuliko TRA. Ila naomba mnisikilize, kwa sababu jambo lenyewe limetugharimu bati, na mimi ndiye wa kwanza aliyelipitisha.

Mnakumbuka mradi wa kuezeka bweni la wasichana. Fedha tulizichanga Arusha na Dar es Salaam, vifaa vikanunuliwa nyumbani, na msimamizi akatutumia picha tatu za risiti kwa simu. Ya kwanza ilikuwa ya mbao, shilingi 1,440,000. Ya pili ilikuwa ya saruji, mifuko 120 kwa shilingi 17,500, jumla 2,100,000. Ya tatu ilikuwa ya bati za geji 28, bati 84 kwa shilingi 32,000 kila moja, jumla 2,688,000. Zote tatu zilikuwa risiti za mashine ya EFD, zina maandishi `START OF LEGAL RECEIPT` juu, zina TIN ya duka, tarehe na saa, na chini kabisa kile kiboksi cha madoadoa meusi tunachokiita msimbo wa QR.

Niliziskani zote. Nitawaambia kilichotokea kwa kila moja. Lakini kwanza tukielewe kile kiboksi, maana wengi wetu tunakichukulia kama muhuri, na muhuri sicho.

Msimbo wa QR ulitengenezwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kazi yake ni moja tu: kuandika herufi na tarakimu kwa namna ambayo kamera inaweza kuzisoma upesi. Ukiandika neno "Haydom" kwa kalamu, mtu anasoma Haydom. Ukiliandika kwa madoadoa, kamera inasoma Haydom. Hakuna siri ndani yake. Mtoto wa sekondari mwenye simu anaweza kutengeneza msimbo wake kwa dakika moja, aandike ndani yake chochote anachotaka, na kamera yako itausoma bila kuuliza nani kaandika.

Tena waliouunda walijua kiwandani kuna mafuta na uchafu. Kwa hiyo waliweka ndani yake maandishi ya ziada, ili hata sehemu yake ikichafuka au kukwaruzika, kamera ijaze yenyewe kilichopotea. Kuna viwango vinne vya kinga hiyo, na cha juu kabisa kinavumilia kuharibika kwa karibu asilimia 30 ya msimbo. Ni jambo zuri sana kwa risiti iliyokunjwa mfukoni kutoka Dongobesh hadi Mbulu mjini. Lakini tazameni upande wa pili wake. Noti ya shilingi elfu kumi ukiipiga fotokopi, inapoteza kitu: karatasi si ile, uzi haupo, rangi haibadiliki ukiinamisha. Msimbo wa QR ukiupiga picha, ukaipiga picha ile picha, ukaituma kwa WhatsApp, ukaichapa tena, hupotezi kitu, ilimradi kamera bado inaona madoa. Nakala ya kumi inasomeka sawasawa na ya kwanza. Ule uwezo wa kuvumilia uchafu ndio unaofanya nakala iwe rahisi. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimeskani imekubali," amekuambia tu kwamba maandishi yanasomeka.

Sasa, kama kiboksi ni maandishi tu, risiti ya EFD ina faida gani? Faida yake haipo kwenye karatasi. Dukani mashine inapotoa risiti, inapeleka taarifa zake TRA kwa mtandao. Ndani ya kile kiboksi mashine imeandika anwani ya ukurasa wa uhakiki wa TRA, ikifuatiwa na msimbo wa risiti hiyo na muda ilipotolewa: saa, dakika na sekunde. Ukitoa madoadoa, kilichomo kinakaa hivi:

```
https://verify.tra.go.tz/MSIMBO_SAADAKIKASEKUNDE
```

Simu yako inapofungua anwani hiyo, inakwenda kuuliza daftari la TRA. Kinachorudi kwenye kioo ni nakala ya risiti kama TRA ilivyoipokea: jina la duka, TIN, bidhaa, jumla, tarehe na saa. Picha uliyotumiwa inaweza kuguswa na mtu njiani, lakini lile daftari hakulifikia. Ndiyo maana kazi yako baada ya kuskani ni kuweka vitu viwili ubavu kwa ubavu, picha upande mmoja na daftari upande mwingine, na kusoma mstari kwa mstari. Wengi wetu tunaona ukurasa wenye nembo ya TRA umefunguka, tunafurahi, tunafunga simu. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Narudi kwenye zile risiti zetu tatu.

Ya mbao haikusomeka kabisa. Ilikuwa imepigwa kwenye kivuli, na WhatsApp inaibana picha ili iwe nyepesi, hivyo vidoa vidogo vilikuwa vimeungana. Sikumshuku mtu. Nilimwomba msimamizi aipige upya nje kwenye mwanga, karatasi ikiwa imelala bapa, kisha aitume kama hati badala ya kuituma kama picha ya kawaida, maana ikitumwa kama hati haibanwi. Wakati nikisubiri nilitumia njia ya pili, ambayo nawashauri wote muijue, hasa mliopo nyumbani ambako mtandao unakuja na kuondoka. Juu ya kiboksi huwa kuna msimbo wenyewe kwa herufi na tarakimu, chini ya maneno `RECEIPT VERIFICATION CODE`. Unafungua verify.tra.go.tz kwa mkono wako, unaandika msimbo huo, halafu unaulizwa muda wa risiti, unaujaza kama ulivyochapwa. Uangalifu tu kwenye sifuri na herufi O. Ilifunguka, na kila kitu kililingana.

Njia hii ya kuandika kwa mkono ina faida moja zaidi. Ukiskani, wewe unapelekwa mahali alipopanga aliyechapa kiboksi. Mtu anaweza kutengeneza ukurasa wake wenye nembo na rangi zilezile, akachapa kiboksi kinachopeleka huko, na ukurasa huo utakubali kila risiti yake siku zote. Kwa hiyo kabla ya kuamini ukurasa, soma anwani iliyo juu. Tafuta alama ya mkwaju ya kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma maneno yaliyo kabla yake ukianzia mwisho kurudi nyuma. Yaishie na tra.go.tz. Mwisho wa .go.tz ni wa taasisi za serikali yetu. Anwani kama tra.go.tz.mfano.com inaanza na TRA lakini inaishia kwa mfano.com, na mwenye nyumba ni huyo wa mwisho. Ukiandika anwani mwenyewe, mtego huo unaukwepa.

Ya pili, ile ya saruji, ilifunguka mara moja, kwenye anwani sahihi. Duka lilelile, tarehe ileile, saa ileile hadi sekunde. Lakini daftari la TRA lilisema mifuko 12, jumla shilingi 210,000. Kwenye picha yetu mtu alikuwa ameongeza sifuri mbili, moja kwenye idadi na moja kwenye jumla, kwa programu ya kawaida ya kurekebisha picha. Ukiikuza picha unaona sifuri hizo zimekaa juu kidogo ya mstari na weusi wake umezidi. Lakini nisingekuza kama nisingeona tofauti kwanza, nakiri. Hii ndiyo aina ya udanganyifu ambayo kuskani kunaikamata vizuri, kwa sababu aliyebadilisha picha hakubadilisha daftari. Vivyo hivyo kwa mtu anayeandika risiti nzima ya uongo kisha akabandika chini yake kiboksi alichokata kwenye risiti nyingine: utaskani upate jina la duka la nguo wakati karatasi inasema nondo.

Kamati ilikataa risiti hiyo, na msimamizi akasema alitumiwa vile na kijana aliyekwenda dukani. Tukadai saruji ihesabiwe, tukaendelea.

Ya tatu ndiyo iliyotuzidi akili. Nilipoiskani, anwani ilikuwa sahihi. Duka sahihi. Bati 84, geji 28, shilingi 32,000, jumla 2,688,000. Tarehe na saa vilevile. Hakuna hata herufi moja iliyopishana. Nikaandika "imehakikiwa" kwenye daftari letu, nikasaini, na Mweka Hazina akafunga hesabu.

Miezi miwili baadaye kamati ya ukarabati wa zahanati, ambayo ina msimamizi wake mwingine, ilileta risiti zake. Miongoni mwake kulikuwa na ya bati 84. Idadi hiyo ilinisumbua kichwani, kwa sababu paa la zahanati si sawa na la bweni. Nikatoa picha ya zamani nikaziweka pamoja. Msimbo wa uhakiki ulikuwa uleule mmoja, muda uleule hadi sekunde. Picha ya kwanza ilikuwa imepigwa juu ya meza ya mbao, ya pili ilikuwa imekatwa upande wa juu. Karatasi ni moja.

Tulipofuatilia, tukagundua kwamba ile risiti haikuwa yetu kabisa. Ilikuwa ya mteja mwingine aliyenunua bati siku ile na kuiacha dukani. Mtu aliipiga picha, na picha ikapita mikono miwili. Bati za bweni zilikuwa zimenunuliwa kwingine, bila risiti, kwa idadi ndogo. Tulimwomba mwalimu mmoja mstaafu apande ngazi ahesabu, na akatupigia simu akiwa juu bado: bati 60. Pengo la bati 24, ambalo kwa bei ya risiti ni shilingi 768,000. Shauri hilo lilikwisha mbele ya wazee, fedha zinarudishwa, na majina hayatatajwa hapa wala kwenye kijitabu. Ninalotaka mlione ni kwamba TRA haikukosea. Nilipouliza, "Je, risiti hii ipo?" ilinijibu kweli: ipo. Sikuuliza, "Je, ni ya kwetu?" Wala ukurasa ule hauwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu karatasi yenyewe haikuandikwa ni ya nani.

Hapa ndipo penye kiini cha maelezo yangu. Msimbo unaunganisha karatasi na daftari. Hauunganishi picha na karatasi, wala karatasi na bati zilizoko juu ya paa. Viungo hivyo viwili vya mwisho ni kazi yetu sisi, na hakuna simu itakayotufanyia.

Tumefanya nini? Mambo matatu, na hayakutugharimu.

Kwanza, mashine ya EFD inaweza kuandika jina la mnunuzi na namba yake ya utambulisho kwenye risiti. Wauzaji wengi hawaulizi, na sisi hatusemi, hivyo sehemu hiyo inabaki tupu. Kuanzia sasa anayenunua kwa fedha za jumuiya anamwambia muuzaji kabla hajabonyeza: andika jina la jumuiya na TIN yetu. Taarifa hiyo inakwenda TRA pamoja na nyingine. Risiti iliyookotwa kaunta haitakuwa na jina letu, na mtu akiliongeza kwenye picha, daftari litamsuta kama lilivyoisuta ile ya saruji. Jina likisahaulika, risiti irudishwe dukani siku ileile, si wiki ijayo.

Pili, tumefungua daftari moja la misimbo kwa miradi yote. Kila risiti inapoingia, msimbo wake na muda wake vinaandikwa. Kabla ya kuandika, katibu anatafuta kama umeshaandikwa. Kama tungekuwa na daftari hilo mwaka jana, risiti ya zahanati ingekwama siku ileile. Ukurasa wa TRA utaifungua risiti moja mara mia na kila mara itakuwa ya kweli. Kuhesabu mara ngapi sisi tumeilipia ni juu yetu.

Tatu, picha tunayodai sasa si ya karatasi peke yake. Tunataka karatasi ikiwa imeshikwa mbele ya mzigo wenyewe, pamoja na kipande cha karatasi chenye neno ambalo katibu analitaja asubuhi hiyo kwa simu, tofauti kila mara. Siku moja lilikuwa "Bashay", siku nyingine "Bassotu". Neno hilo halithibitishi bati. Linathibitisha kwamba picha imepigwa leo, baada ya sisi kuuliza, na si picha iliyokuwa inatembea. Kisha mtu mwingine, asiyekuwa mnunuzi, anahesabu. Na karatasi halisi inaletwa. Wino wa risiti hizi unafifia kwa joto na jua, hivyo ipigwe picha mapema na itunzwe kivulini. Nimeona risiti iliyokaa mwezi mmoja kwenye dashibodi ya gari ikabaki nyeupe kabisa.

Niongeze tahadhari ya upande wa pili, tusije tukawaonea watu. Ukurasa ukisema risiti haionekani, usipige kelele bado. Angalia kama umekosea herufi au muda. Halafu kumbuka kwamba mashine inahitaji mtandao kupeleka taarifa, na sote tunajua mtandao wa baadhi ya vijiji vyetu siku ya mvua. Jaribu tena kesho yake. Ikiendelea kukataa, mwombe muuzaji mwenyewe aeleze. Tumewahi kumchelewesha mwenye duka mwaminifu kwa siku tatu kwa sababu tu mtu wetu alisoma 8 kuwa B.

Mama mmoja wa Endasak aliniuliza kabla ya mkutano: na lebo za mbegu je? Ni swali zuri, kwa sababu msimu wa kupanda ukikaribia vikundi vyetu vinanunua mbegu za mahindi kwa pamoja, na wauzaji wanatuma picha ya lebo ya TOSCI, ile taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kuonyesha kwamba mzigo ni halali.

Lebo ya kukwaruza imefikiriwa tofauti na risiti. Namba imefichwa chini ya utando, na mkulima anaikwaruza mwenyewe akishanunua, kisha anaihakiki kwa simu. Nguvu yake yote iko kwenye ule utando. Kabla haujakwaruzwa, hakuna aliyeiona namba, hivyo hakuna aliyeinakili. Ukishakwaruzwa, namba imekuwa maandishi kama mengine. Kwa hiyo muuzaji anayekutumia picha ya lebo iliyokwisha kukwaruzwa, hata kama ukiuliza namba hiyo inajibu vizuri, amekuonyesha kwamba mfuko mmoja mahali fulani ulikuwa halali. Mifuko yako arobaini hujaiona. Dai lebo zenye utando mzima, ukwaruze mwenyewe mfuko uliomo mkononi mwako, na si mfuko wa juu tu. Kwaruza michache kutoka katikati ya mzigo. Mifuko miwili ikitoa namba moja, simamisha malipo hapo hapo, maana namba ya siri haitakiwi kuwa na pacha. Na jibu linaporudi, linganisha aina ya mbegu iliyotajwa na iliyoandikwa mfukoni, kama tulivyofanya kwa saruji. Halafu tazama mshono wa mfuko wenyewe. Lebo halisi inaweza kukaa juu ya mfuko ulioshonwa upya, wenye mahindi ya kula yaliyopakwa rangi.

Stika zile zinazong'aa na kubadilika rangi ukizigeuza nazo zina hasara hiyo hiyo kwenye picha. Alama ya namna hiyo imetengenezwa ikaguliwe kwa kugeuzwa mkononi. Picha haigeuki. Ukiletewa picha ya stika inayong'aa, umeletewa picha ya kitu kinachong'aa, basi.

La mwisho, waliotayarisha kijitabu cha harambee wameniomba niseme neno kuhusu msimbo wa kulipia uliochapwa kwenye jalada la nyuma. Nakubali, kwa sababu nina deni. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh, Gendabi na Jorodom, simu yangu ilijaa picha za namba za kuchangia. Nilizituma mbele kwa watu wote niliowajua, usiku huohuo, bila kukagua hata moja. Nilikuwa natafuta ndugu, sikuwa na akili ya kukagua. Sijui zile shilingi zote zilikwenda wapi, na swali hilo hunirudia.

Msimbo wa kulipia, ule wa utaratibu wa TANQR wa Benki Kuu, nao ni maandishi: umebeba namba ya mpokeaji. Mtu anaweza kupiga picha jalada letu, akafunika kiboksi chetu kwa cha kwake, akaituma kwenye makundi, na picha ya Mwenyekiti ikabaki palepale ikitabasamu. Hata hapa ukumbini anaweza kubandika karatasi ndogo juu ya bango. Tena huhitaji utaalamu kuligundua hilo: pitisha kucha ukingoni mwa kiboksi, kama kuna tabaka la juu utalisikia.

Lakini kwa anayelipa akiwa mbali kuna kizuizi kimoja kizuri zaidi. Kabla simu haijakuomba namba ya siri, mtandao unakuonyesha jina ambalo namba ya mpokeaji imesajiliwa. Jina hilo linatoka kwenye daftari la mtandao, halitoki kwenye jalada. Lazima liwe jina la jumuiya, herufi kwa herufi, kama lilivyoandikwa kwenye cheti chetu cha usajili na kusomwa leo na Katibu. Likitokea jina la mtu binafsi, hata kama ni jina la kiongozi, hata kama ni jina langu, bonyeza kughairi na umpigie Mweka Hazina kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si iliyoandikwa chini ya picha hiyo. Malipo yakishakwenda kwa mtu asiye sahihi, kuyarudisha ni safari ndefu, na mara nyingi anayetafutwa ameshazitoa.

Daftari la misimbo liko mezani kwa Katibu, na mjumbe yeyote anaweza kulifungua wakati wa chakula. Risiti za bati mpya 24 zimo ukurasa wa tisa. Zina jina letu. Mwalimu alipanda tena ngazi wiki iliyopita, na paa la bweni sasa lina bati 84.